Mama Atabadilishwa Goti Baada ya Siku 12, na Leo Nimekuta Ginko, Kitunguu Saumu na Mafuta ya Samaki Kwenye Mkoba Wake

Hujambo daktari. Mama yangu ana miaka 66 na atabadilishwa goti la kulia hapa Nairobi Jumanne, siku 12 kutoka leo. Wameshatuambia atadungwa ganzi ya mgongo. Ana presha, anameza amlodipini 5 mg, na aspirini ndogo ya 75 mg aliyoandikiwa kliniki miaka mingi iliyopita. Hajawahi kuugua moyo wala kiharusi. Goti likimzidi hununua diklofenaki kwa kemisti. Leo nikimpangia vitu vya hospitali nimekuta mkoba mwingine: ginko 120 mg ya kumbukumbu, vidonge vya kitunguu saumu viwili asubuhi na viwili jioni, na mafuta ya samaki ya 1000 mg mara tatu kwa siku. Tena kila asubuhi humeza punje mbichi ya kitunguu saumu kwa maji. Nimesikia vitu hivi huvujisha damu. Mama anasema ni chakula tu, na kwamba daktari alipouliza dawa alimtajia ya presha, basi. Anasema pia vipimo vya damu vilitoka vizuri, na nikifungua mdomo wataahirisha operesheni tuliyoingoja miezi minane. Je, aache? Nimwambie daktari au ninyamaze?

Kifungua mimba, Umoja

Dada, mwambie daktari, na umwambie kesho asubuhi. Vidonge vya kitunguu saumu, ginko na mafuta ya samaki mama aviache leo hii, pamoja na ile punje mbichi. Amlodipini aendelee nayo bila kukosa hata siku moja. Aspirini msiiguse mpaka kliniki iseme. Diklofenaki ibaki kwa kemisti, na goti likiuma ameze panadol. Hayo ndiyo ya kufanya usiku huu. Sasa nikueleze kwa nini, maana mama hatakubali kwa amri tu.

Mtu akikatwa, damu huzibwa kwa hatua mbili. Kwanza chembe ndogo bapa zilizomo ndani ya damu, ziitwazo chembe sahani, hukimbilia penye jeraha, hung'ang'ania ukuta wa mshipa na kushikana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa kizibo. Baadaye protini za damu husuka utando juu ya kizibo hicho na kukikaza. Vitu vyote ulivyovitaja, isipokuwa amlodipini, hugusa hatua ile ya kwanza. Chembe sahani zinakuwepo, idadi yake ni ile ile, ila zinashikana kwa uvivu.

Hapo ndipo penye mtego wa vile vipimo "vizuri". Fulu hemogramu huhesabu chembe sahani. Haipimi kama zinafanya kazi. Kipimo cha INR hupima hatua ya pili, ile ya protini. Mtu anaweza kumeza aspirini, diklofenaki na kitunguu saumu mwezi mzima, na vipimo vyote viwili vikatoka safi kabisa. Vipo vipimo vya utendaji wa chembe sahani, lakini havifanywi kwa kila mgonjwa anayeenda kubadilishwa goti, kwa hiyo karatasi ya maabara haitamsemea mama. Kinachobaki ni mdomo wake na wako.

Nikiwa mkweli, vidonge hivi vitatu havina uzito sawa, na watu huviogopa kwa mpangilio usio sahihi.

Kitunguu saumu ndicho ninachokiwekea mkazo zaidi. Ndani yake hutokea kemikali iitwayo ajoene, inayozuia chembe sahani kushikana, na inaelekea chembe iliyoguswa nayo haiponi hadi inapokufa. Mwaka 1990 madaktari waliandika kuhusu mzee wa miaka 87 aliyekuwa akila kitunguu saumu kingi kila siku. Damu ilimvujia ndani ya uti wa mgongo bila kugongwa wala kudungwa, akapooza miguu. Kisa kimoja hakitoshi kuwa sheria, lakini kinaeleza kwa nini wataalamu wa ganzi hukiuliza. Hicho kinachotiwa kwenye sufuria ya mchuzi hakina neno: moto huua kimeng'enya kinachohitajika ili kemikali hizo zitokee. Mama aendelee kula mboga zake kama kawaida. Punje mbichi inayomezwa asubuhi iko upande wa vidonge.

Ginko ina sifa mbaya kuliko inavyostahili ikiwa peke yake. Mojawapo ya kemikali zake hufunga mlango mmoja ambao chembe sahani huitiana kupitia kwake, na kuna visa vya watu waliovuja damu machoni na kichwani. Lakini katika majaribio yaliyolinganisha wanaoimeza na wasioimeza, uvujaji ulioongezeka waziwazi haukuonekana. Ukisoma vile visa kwa makini utagundua jambo: mara nyingi kulikuwa na kitu cha pili. Kile kinachojulikana zaidi, cha mwaka 1997, ni cha mzee wa miaka 70 aliyekuwa ametumia aspirini kwa miaka mitatu bila tatizo. Alianza ginko, na baada ya wiki moja tu damu ikavuja ndani ya jicho. Aliacha ginko, akaendelea na aspirini, na haikurudi. Mama yako ana aspirini na ginko pamoja, na hilo ndilo linalonifanya nisiipuuze.

Mafuta ya samaki ndiyo mepesi kuliko yote. Kwenye chupa ya kawaida ile 1000 mg ya mbele ni uzito wa mafuta. Igeuze usome nyuma EPA na DHA, yaani mafuta ya omega-3 yenyewe, ambazo kwa kapsuli ya kawaida ni kama 180 mg na 120 mg. Kapsuli tatu kwa siku zinampa 900 mg hivi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia jambo hili mwaka 2012 ikaona kwamba hata 5 g za EPA na DHA kwa siku haziongezi hatari ya kuvuja damu kwa mtu mzima. Kulikuwa pia na jaribio kubwa la wagonjwa 1516 wa upasuaji wa moyo, waliopewa mafuta ya samaki kwa dozi nzito siku chache kabla ya kupasuliwa, na hawakuvuja damu zaidi ya wenzao. Kwa nini basi nasema ayaache? Kwa sababu kuyaacha wiki mbili hakumpunguzii chochote, na orodha fupi humrahisishia daktari wa ganzi kazi. Lakini kama angeyameza mpaka siku ya mwisho, hiyo peke yake isingekuwa sababu ya kuahirisha.

Walio wazito kweli kwenye mkoba wa mama ni aspirini na diklofenaki, zile ambazo hakuna aliyezishuku.

Aspirini huharibu kimeng'enya ndani ya chembe sahani, na kwa kuwa chembe hiyo haina kiini haiwezi kutengeneza kingine. Inabaki hivyo mpaka ifikie mwisho wa maisha yake ya siku 7 hadi 10. Uboho hutoa chembe mpya, kama sehemu moja ya kumi kila siku. Piga hesabu: baada ya siku 5 karibu nusu ya chembe ni mpya, na baada ya siku 10 zilizoguswa zimekwisha au zimebaki chache mno. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanya watu waseme kitunguu saumu kiachwe angalau siku 7. Ginko hutoka mwilini mapema zaidi, na ushauri uliochapishwa mwaka 2001 ulitaja angalau saa 36. Hospitali nyingi hazitaki mgonjwa ashike tarehe tofauti kwa kila chupa, hivyo husema wiki 2 kwa vyote. Mama ana siku 12. Ukiangalia hesabu ya chembe sahani, siku hizo zinamtosha. Zile mbili zinazopungua si za kumkosesha usingizi mtu yeyote, mradi aanze leo.

Kwa nini basi nimesema aspirini msiiguse? Kwa sababu kwa mgonjwa mwingine aspirini ile ile ndiyo inayouzuia mshipa wa moyo usizibe. Mtu aliyewekewa kifaa cha kutanua mshipa wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi, akiiacha kwa kujiamulia anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla hajafika mezani. Kwa maelezo uliyonipa, mama alipewa kama kinga tu, na kwa watu wa aina yake madaktari wengi huisimamisha kama siku 7 kabla. Lakini neno hilo litoke kwa kliniki inayomjua, baada ya kuuliza kama amewahi kuumwa kifua akipanda ngazi au kudhoofika mkono ghafla. Mkipiga simu kesho, jibu litapatikana kabla ya siku ya saba kufika. Mkichelewa wiki moja, jibu litakuja wakati limeshapitwa.

Diklofenaki hugusa kimeng'enya kile kile, ila kwa muda, kisha huachia. Siku moja au mbili baada ya kuacha, chembe sahani zimerudi kazini. Ubaya wake ni mwingine: ikikutana na aspirini kwenye tumbo la mtu wa miaka 66, huchubua. Kidonda cha tumbo kinachovuja kidogo kidogo huishusha hemoglobini bila maumivu. Muulize mama leo, bila kuona haya, kama kinyesi chake kimewahi kuwa cheusi kama lami, na umwambie daktari. Mwombe pia akusomee hemoglobini kwenye ile karatasi. Ikiwa chini ya 12 ni upungufu wa damu kwa mwanamke, na ni afadhali ujulikane sasa. Panadol ya 500 mg, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, inaweza kumvusha hizi siku 12, mradi ini lake ni zima. Goti litalalamika zaidi ya kawaida. Muandae kwa hilo. Na chunga dawa za kichwa za dukani za bei rahisi: baadhi zina aspirini ndani, hata ikiandikwa kwa jina lake refu la kikemia. Kabla ya kununua muulize mfamasia, "Hii ina aspirini?"

Sasa, upasuaji wenyewe. Katika operesheni nyingi za goti, paja hufungwa kwa mkanda unaojazwa hewa ili damu isishuke, na daktari afanye kazi mahali pakavu. Mishipa mikubwa huichoma au kuifunga. Ile midogo midogo, mamia yake kwenye mfupa uliokatwa na nyama iliyopasuliwa, haifungiki mmoja mmoja. Inategemea chembe sahani. Kwa hiyo chembe zikiwa vivu hakuna bomba linalopasuka watu wakalikimbilia. Mkanda hulegezwa, jeraha linafungwa, na baadaye wodini ndipo bendeji inalowa na goti linavimba kama papai. Wakati mwingine inabidi mtu aongezewe damu, na hapa kwetu mara nyingi hilo linamaanisha ninyi watoto kutafuta wachangiaji usiku. Damu iliyojikusanya ndani ya goti pia hukaza ngozi, huchelewesha kidonda kufunga, na bakteria huipenda. Karibu na goti la chuma, maambukizi ni jambo zito mno.

Halafu kuna ile sindano ya mgongo. Nafasi inapopita sindano ina mishipa midogo ya damu. Ikichubuliwa kwa mtu wa kawaida hujiziba. Kwa mtu ambaye damu yake haizibi, donge linaweza kukua na kuubana uti wa mgongo. Ni jambo la nadra sana, tena chama cha Marekani cha wataalamu wa ganzi ya sehemu, ASRA, kinasema vidonge vya mitishamba vikiwa peke yake havionekani kuongeza hatari hiyo kiasi cha kukataza sindano. Wasiwasi wao uko kwenye mchanganyiko, hasa mgonjwa akianzishwa dawa ya kuzuia damu kuganda baada ya operesheni, kama atakavyoanzishwa mama. Kwa hiyo anayepaswa kuijua orodha yake kuliko wote ni daktari wa ganzi. Msiishie kwa daktari wa mifupa.

Hofu ya kuahirishiwa naielewa. Miezi minane ni mingi, na mtu ameshapanga nani atakayemwangalia nyumbani na bima ya SHA itafunika nini. Lakini tazama ni lini kuahirishwa kunatokea. Mama akitaja vidonge siku 12 kabla, daktari ana nafasi ya kusema "acha," na tarehe inabaki. Akivitaja asubuhi ya Jumanne akiwa amevaa gauni la hospitali, kwa sababu nesi ameuliza swali vizuri kuliko la kwanza, daktari wa ganzi analazimika kuchagua kati ya kubahatisha na kumrudisha nyumbani. Na asipovitaja kabisa, uamuzi unafanywa na watu wasiojua wanachokiamua: dozi gani ya sindano ya kuzuia kuganda waanze, saa ngapi, na wajiandae vipi kwa damu. Kuna dawa iitwayo asidi ya traneksamiki inayopunguza damu inayopotea katika kubadilisha goti, na hutumika sana. Wao ndio wa kupima kama inamfaa mama, lakini hupima kwa kile walichoambiwa.

Usiku huu andika karatasi moja. Usiandike "sapulimenti," neno hilo halimwambii daktari kitu. Andika hivi, ukibadilisha palipo tofauti:

"Amlodipini 5 mg, moja asubuhi, anaendelea. Aspirini 75 mg, moja kila siku, tunangoja maelekezo yenu. Diklofenaki, ya mwisho kumeza ni lini. Vidonge vya kitunguu saumu 2 asubuhi 2 jioni, na punje mbichi 1 kila asubuhi, ameacha Alhamisi. Ginko 120 mg kwa siku, ameacha Alhamisi. Mafuta ya samaki 1000 mg mara 3, ameacha Alhamisi. Hana historia ya kiharusi wala moyo."

Chini yake ongeza majibu ya maswali manne, kwa sababu historia ya kuvuja humweleza daktari mengi ambayo maabara haiyaoni. Je, alipong'olewa jino damu iliendelea kutoka hadi kesho yake? Alipojifungua, aliwahi kuongezewa damu? Anapata alama za kuvilia bila kugongwa? Akijikata akikatakata sukuma wiki, damu husimama baada ya muda gani? Hata "hapana" nne ziandike.

Karatasi hiyo na chupa zenyewe zitie kwenye mfuko mmoja. Chupa ni muhimu kwa sababu majina ya mbele hudanganya. "Ya ubongo" ina ginko na pengine vitamini E nyingi. "Ya viungo" inaweza kuwa na mafuta ya samaki, manjano na tangawizi ndani ya kidonge kimoja. Vile vinavyouzwa kwa mtandao wa marafiki wa kanisani au chama, vingine havina hata lugha unayoisoma. Kama wewe na mfamasia hamwezi kujua kilichomo, kiachwe, na karatasini kiandikwe kama kilivyo, "hakijulikani." Muulize mama pia kuhusu dawa ya mitishamba ya chupa. Hiyo ndiyo inayosahaulika mwisho.

Ukipiga simu, mwombe anayepokea akuunganishe na kliniki ya kabla ya ganzi, au nesi anayepanga orodha ya theta, na useme: "Mgonjwa wa kubadilisha goti Jumanne, siku 11 kutoka leo, hakutaja vidonge vitatu na aspirini. Tuna karatasi. Daktari wa ganzi aione lini?" Akikwambia hakuna shida, shukuru, kisha uombe iandikwe kwenye faili. Jibu lililosemwa kwa simu tu halitakuwepo chumba cha operesheni.

Jambo moja linaweza kuwashangaza katikati. Kitunguu saumu kwa dozi hiyo hushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu wenye presha. Mama akikiacha, presha inaweza kupanda, na diklofenaki nayo ilikuwa ikiipandisha, kwa hiyo huwezi kukisia itaelekea wapi. Mpimieni asubuhi na jioni, akiwa ameketi dakika tano bila kuongea, na muandike. Ikiwa inazidi 160/100 mara kwa mara, mpelekeni kliniki sasa. Ikifika 180/110 hapo ndipo upasuaji wa kupanga huahirishwa kweli, na hilo linarekebishika likijulikana mapema. Asubuhi ya operesheni, kama hawajasema vinginevyo, amlodipini humezwa kwa funda dogo la maji.

Kwa wasomaji walio na siku chache kuliko mama huyu: zikibaki siku mbili au tatu, acheni vidonge papo hapo na mseme. Daktari atatazama nini, kiasi gani na upasuaji wa aina gani. Jipu la mkononi si sawa na goti, na goti si sawa na shingo, ambako damu kidogo tu inayojikusanya yaweza kubana njia ya hewa. Na kama ni dharura, hakuna cha kungoja. Taja tu vidonge mlangoni, wao watajipanga. Anayetumia wafarini, klopidogreli au rivaroksabani, hii barua si yake: dawa hizo zina ratiba yao, na mpangaji ni daktari aliyeziandika.

Baada ya operesheni ganzi ya mgongo kwa kawaida huisha ndani ya saa chache. Ukiwa kando ya kitanda, mwambie mama achezeshe vidole vya miguu. Miguu isiporudi kwa wakati ulioambiwa, au ikirudi kisha ikafa ganzi tena, au mgongo ukianza kuuma vikali na mkojo ukagoma, mwite nesi saa hiyo hiyo, usingoje raundi ya asubuhi. Donge la damu kwenye uti likitolewa ndani ya saa chache miguu ina nafasi nzuri ya kupona. Kila saa inayopita huipunguza. Kwa goti, tazama bendeji inayolowa tena baada ya kubadilishwa, na ngozi inayong'aa kwa kukazwa huku maumivu yakizidi badala ya kupungua.

Na kurudi nyumbani ndiko wengi wanakoteleza, kwa sababu chupa ziko pale pale kabatini. Mama atapewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu: pengine sindano ya enoksaparini ya tumboni kila siku, pengine vidonge vya rivaroksabani, pengine aspirini. Hutumika kati ya siku 10 na 35, na ni lazima zitimie, maana baada ya kubadilishwa goti damu kuganda mguuni ni hatari halisi kabisa. Kipindi hicho chote kitunguu saumu cha vidonge, ginko na mafuta ya samaki visirudi. Rudisheni baada ya dozi ya mwisho, kidonda kikiwa kikavu na nyuzi zimetoka, tena kimoja kimoja kwa wiki moja moja, ili alama ya kuvilia ikitokea mjue imeletwa na nani.

Kuhusu ginko, kabla ya kununua chupa nyingine, mama ajue hili. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 3069 wenye miaka 75 na zaidi, waliofuatiliwa kwa takriban miaka sita. Nusu yao walimeza ginko 120 mg mara mbili kwa siku, nusu vidonge visivyo na kitu. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uliyapata makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Kama mama anasahau mambo kiasi cha kumtia wasiwasi, mtajie daktari na hilo pia kwenye karatasi, sehemu ya chini. Watu wenye umri wake wanaweza kuchanganyikiwa siku za kwanza baada ya upasuaji, na wahudumu wakijua mapema watamwangalia kwa jicho lingine.